Jina Likishaandikwa kwenye Tiketi ya Ndege

Kila msimu wa safari, hasa Desemba na miezi ya umra, lalamiko hili hurudi. Mtu amemlipia ndugu yake tiketi ya ndege, ndugu ameugua au amenyimwa viza. Kiti kipo, fedha zimeshalipwa, na kuna ndugu mwingine aliye tayari kusafiri siku hiyohiyo kwa ndege ileile. Ofisi ya shirika inajibu kwamba jina halibadilishwi, kwa hiyo anunue tiketi mpya. Mlipaji anaona amedhulumiwa. Wakala anamwambia ni masharti ya usalama. Jirani naye anauliza mbona fulani alirekebishiwa jina bila kutoa hata senti. Kila mmoja wao ana sehemu ya ukweli.

Mkanganyiko huu unatokana na maswali mawili kupewa jibu moja. La kwanza, kwa nini jina la kwenye tiketi lazima lilingane na la kwenye pasipoti? La pili, kwa nini aliyelipa hawezi kumtoa mtu mmoja akamweka mwingine kabla ya siku ya safari? Jibu la swali la kwanza ni usalama na ulinzi wa mipaka. Jibu la pili, kwa sehemu kubwa, ni biashara. Wasafiri wengi wanapewa jibu la kwanza wanapouliza la pili, na ndiyo maana hawaridhiki. Hapa tutaangalia tiketi za ndege peke yake, kwa sababu ndiko hasara iliko kubwa na kanuni ziliko ngumu.

## Mnunuzi ananunua nini

Tangu Juni 2008 mashirika wanachama wa IATA yaliachana na tiketi za karatasi. Leo tiketi ni kumbukumbu katika kompyuta, na kwa kweli ni kumbukumbu mbili. Ya kwanza ni ya nafasi, yenye namba ya herufi na tarakimu 6, ile ambayo msafiri huitaja akipiga simu. Hiyo inasema tu kwamba nafasi imeshikwa. Ya pili ni tiketi yenyewe, yenye namba ya tarakimu 13, na tarakimu 3 za mwanzo zinaonyesha shirika lililoitoa: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates. Ndani ya tiketi kila kipande cha safari kina kuponi yake. Kuponi ambayo haijatumika husomeka `OPEN FOR USE`, na ikishatumika haifunguki tena.

Mnunuzi anapaswa kulielewa hili kabla ya yote, kwa sababu matatizo mengi huanzia hapa. Maadamu ni nafasi tu iliyoshikwa na tiketi haijatolewa, kubadili jina si kazi: nafasi inaachiwa, inashikwa nyingine. Tiketi ikishatolewa, jina linakuwa sehemu ya mkataba na ya hesabu za fedha. Karani haingii tu akafuta jina na kuandika jingine. Katika mifumo mingi lazima afute tiketi ya zamani, arudishe kiti sokoni, kisha atoe tiketi mpya kwa bei ya siku hiyo. Kama safari ina mashirika mawili, kwa mfano linalotoka Mwanza hadi Dar es Salaam na jingine linalopokea kwenda Maskati, kila shirika lina nakala yake ya jina, na moja haliwezi kubadili nakala ya mwenzake kwa amri tu.

Kuna jambo jingine ambalo wanaowalipia wenzao huligundua wakiwa wamechelewa. Mkataba wa usafiri ni kati ya shirika na mtu aliyetajwa kwenye tiketi. Mlipaji amelipa, lakini si yeye abiria. Ndiyo maana fedha zikirudishwa taslimu kwa kawaida hurudi kwenye kadi au akaunti iliyolipa, ilhali shirika likitoa vocha ya safari badala ya fedha, mara nyingi vocha hiyo huandikwa kwa jina la abiria. Mjomba aliyeko Toronto aliyemlipia mpwa wake wa Arusha anaweza kujikuta fedha zake zimegeuka vocha ya mpwa, na yeye hana la kufanya nayo.

## Hoja ya usalama

Wanaotetea kanuni kwa misingi ya usalama wana msingi wa kweli. Serikali nyingi zinayadai mashirika majina ya abiria kabla ndege haijatua, na nyingine kabla haijaruka. Tangu 2017 mfumo wa kupeleka taarifa za abiria mapema umekuwa kiwango cha lazima chini ya Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago, na Desemba mwaka huohuo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 2396 linalozitaka nchi zitumie taarifa hizo dhidi ya ugaidi. Kwa safari za Marekani, shirika hupeleka jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na jinsia saa 72 kabla ya kuruka, au mara tu nafasi inapochukuliwa kama muda uliobaki ni mfupi zaidi. Majina hayo hulinganishwa na orodha za watu wanaotafutwa.

Orodha ya abiria ina kazi nyingine nzito. Ndege ya Malaysia Airlines, MH370, ilipotoweka tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239, wawili kati yao walikuwa wanasafiri kwa pasipoti za wizi, moja ya Mwitaliano na nyingine ya Mwaustria. Wenye pasipoti hizo walikuwa hai, lakini majina yao yalitokea kwenye orodha ya waliopotea, na majina ya wale wawili waliokuwa ndani kweli hayakuwemo humo mwanzoni. Mtu anayemwachia mwenzake tiketi na kumwambia apite tu na jina lililopo akumbuke kisa hicho. Jina lisilo la kweli linawavuruga wapelelezi, bima na mirathi kwa pamoja.

Udhaifu wa hoja hii uko mahali pamoja, lakini ni udhaifu mkubwa. Inaeleza kwa nini abiria lazima asafiri kwa jina lake mwenyewe. Haielezi kwa nini jina hilo lisiingizwe wiki tatu kabla ya safari badala ya jina la aliyeghairi. Shirika lilelile linalomkatalia ndugu wa mgonjwa leo litamuuzia mtu asiyemjua kabisa tiketi mpya saa chache kabla ya kuruka, na jina la huyo litapelekwa na kukaguliwa ndani ya muda huo. Kama mfumo unaweza kumkagua mgeni wa asubuhi, unaweza kumkagua ndugu wa mgonjwa aliyetajwa siku 20 kabla.

Zaidi ya hapo, yapo mashirika yanayoruhusu kubadili msafiri kabisa. Ryanair na easyJet za Ulaya hufanya hivyo kwa ada, nazo zinaruka kwenda nchi zenye ukaguzi mkali. Jambo linaloweza kuruhusiwa kwa kulipiwa haliwezi kuwa tishio la usalama kwa asili yake.

## Hoja ya biashara

Hapa ndipo kiini kilipo, na inafaa kukieleza bila chuki, maana si kila kitu ndani yake ni ulafi.

Kiti kimoja cha ndege hakina bei moja. Ndege ya watu 150 inaweza kuwa na madaraja ya nauli zaidi ya kumi, yote ndani ya sehemu ileile ya kawaida, viti vilevile, chakula kilekile. Nauli za chini huuzwa mapema kwa watalii na familia wanaopanga safari miezi kabla. Za juu huachiwa wafanyabiashara, wagonjwa na wafiwa wanaonunua dakika za mwisho. Anayelipa kidogo anakubali kubanwa: harudishiwi fedha, habadilishi tarehe bure, hahamishi tiketi. Anayelipa sana ananunua uhuru. Mapato ya wale wa mwisho ndiyo yanayoziba pengo la wale wa mwanzo, na bila mpangilio huo nauli za bei ya chini zingepungua au kutoweka.

Sasa tuseme majina yanabadilishwa bila kikwazo. Mtu mwenye mtaji ananunua viti 30 vya tarehe 22 Desemba mwezi Agosti kwa bei ya chini, anavikalia, kisha anaviuza wiki ya mwisho kwa bei iliyo chini kidogo ya ya shirika. Shirika linapoteza nauli za juu, na familia iliyotaka kununua mapema inakuta viti vya bei nafuu vimekwisha. Wanaosafiri kwa basi mwisho wa mwaka kwenda Moshi na Arusha hawahitaji kuelezwa ulanguzi wa tiketi unavyofanya kazi. Na hiyo ni kwenye basi, ambako LATRA huweka ukomo wa nauli. Kwenye ndege, ambako tofauti kati ya bei ya mapema na ya mwisho inaweza kuwa mara mbili au tatu, mlanguzi angepata zaidi.

Kuna pia wizi wa kadi. Tiketi hununuliwa kwa kadi za benki zilizoibwa kisha huuzwa kwa watu wanaodhani wamepata nafuu. Polisi wa Ulaya, Europol, wamekuwa wakiendesha operesheni maalumu viwanjani kukamata tiketi za namna hiyo. Kwa sasa mwizi analazimika kupata mteja kwanza, ajue jina lake, ndipo anunue. Kama majina yangehamishika, angenunua kwanza na kutafuta mteja baadaye, na yule mteja wa mwisho ndiye angekwama kaunta tiketi ikishafutwa.

Historia inaipa nguvu hoja ya biashara. Nchini Marekani, kabla ya miaka ya 1990 kufika katikati, watu waliuziana tiketi za kurudia kupitia matangazo madogo ya magazeti, na mashirika hayakuwa na njia nzuri ya kuwazuia. Ukaguzi wa vitambulisho uliposhika kasi, hasa baada ya ndege ya TWA 800 kulipuka angani mwaka 1996 na kuua watu 230, soko hilo lilikufa. Agizo la kukagua vitambulisho lilitolewa kwa hofu ya usalama, lakini mashirika yalipata bure kile yalichokitafuta kwa muda mrefu. Tangu hapo hoja mbili zimefungwa kamba moja, na karani wa kaunta anaitaja ile inayosikika vizuri zaidi.

Udhaifu wa hoja ya biashara ni kwamba inamwadhibu asiyelengwa. Mlanguzi ananunua viti 30, mama aliyelazwa hospitali ana kimoja. Kanuni haiwatofautishi. Pia shirika linafaidika mara mbili: linabaki na fedha za mgonjwa, kisha linauza kiti kilekile kwa mwingine. Pale ambapo ada ya kubadili jina ipo, mara nyingi hupangwa juu kiasi cha kuzidi bei ya tiketi yenyewe. Mwaka 2015 mwanafunzi mmoja wa Uingereza alikatiwa tiketi ya Ryanair kwa jina la utani alilokuwa akilitumia mtandaoni. Kurekebisha kungemgharimu pauni 220. Aliona ni nafuu kubadili jina lake kisheria, jambo lililokuwa bure, na kulipia pasipoti mpya pauni 103. Ada inayomfanya mtu aone ni rahisi kubadili jina lake kuliko kubadili tiketi haiwezi kutetewa kuwa ni gharama ya kazi ya karani.

## Madai ya abiria na yanapofika ukingoni

Abiria wanasema: nimelipa, kiti ni changu, nikitaka nitampa mwanangu. Dai hili linagusa hisia ya haki ya kila mtu, lakini kisheria halisimami kama lilivyo, kwa sababu masharti ya usafiri ya karibu mashirika yote yanasema tiketi haihamishiki, na mnunuzi ameyakubali kwa kubonyeza kisanduku ambacho hakukisoma. Linapopata nguvu ni pale linapopunguzwa: si kuuza kwa yeyote, bali kumpa ndugu wa karibu, kwa muda wa kutosha, bila faida.

Na hilo linawezekana, maana linafanyika. Reli ya India humruhusu mwenye nafasi iliyothibitishwa kuihamishia kwa mzazi, ndugu, mtoto, mume au mke wake, kwa ombi la maandishi saa 24 kabla ya treni kuondoka, mara moja tu. Mlanguzi hawezi kuitumia njia hiyo, maana hana undugu na wateja wake. Ulaya nayo ina Agizo la mwaka 2015 kuhusu safari za kifurushi, yaani ndege na hoteli zikiuzwa pamoja. Msafiri ana haki ya kumhamishia mwingine kifurushi chote akitoa taarifa angalau siku 7 kabla, na wawili hao wanabeba pamoja gharama halisi za mabadiliko. Mwandaaji haruhusiwi kutoza zaidi ya gharama iliyomfika.

Mifano hii miwili haifuti hoja ya mashirika. Nauli za treni za India kwa sehemu kubwa zimepangwa, na gharama halisi kwenye kifurushi inaweza kuwa tiketi mpya nzima ya ndege. Lakini inavunja lile dai la kwamba haiwezekani kabisa.

## Kosa la herufi si kubadili mtu

Jirani aliyesema fulani alirekebishiwa bure hakudanganya. Kuna kusahihisha jina na kuna kuhamisha tiketi, na wengi huyachanganya. Mashirika mengi hukubali kusahihisha makosa madogo, mara nyingi hadi herufi 3, mradi ni dhahiri kwamba mtu ni yuleyule: tarehe ya kuzaliwa haibadiliki, njia haibadiliki, pasipoti inathibitisha.

Kwetu makosa haya ni mengi kuliko kwingine kwa sababu ya namna majina yalivyo. Mtu ana jina lake, la baba na la babu. Pasipoti inaligawa katika jina la ukoo na majina mengine, na si lazima igawe kama anavyojitambulisha mtaani. Khamis huandikwa Hamisi, Mohamed huandikwa Mohammed, Zuhura huwa Zuhra. Mfumo wa tiketi huanza na jina la ukoo, kisha mkwaju, kisha jina la kwanza na cheo. Tuseme pasipoti inaonyesha ukoo ni KHAMIS na majina mengine ni ASHA JUMA. Tiketi sahihi itasomeka:

```
KHAMIS/ASHA JUMA MRS
```

Aliyeandikwa `ASHA/KHAMIS JUMA MRS` amegeuzwa tu mpangilio, na hilo kwa kawaida hurekebishwa au huandikiwa maelezo kwenye kumbukumbu ya nafasi. Aliyeandikwa `HAMISI/ASHA MRS` ana tofauti ya herufi na ana nafasi nzuri ya kurekebishiwa. Aliyeandikwa `JUMA/MWANAIDI MRS`, kwa sababu mlipaji alitumia jina la nyumbani, yuko taabani, maana kwa macho ya mfumo huyo ni mtu mwingine. Atahitaji vielelezo, kama cheti cha kuzaliwa au hati ya kiapo iliyosajiliwa, na bado shirika linaweza kukataa. Aliyeolewa akabadili jina naye huwekwa kwenye kundi hili, ingawa cheti cha ndoa humsaidia.

Katika yote haya kasi ndiyo inayookoa. Tiketi iliyotolewa na wakala leo, kwa kawaida wakala anaweza kuifuta siku hiyohiyo kabla ya hesabu za siku kufungwa, pasipo adhabu ya shirika. Kesho yake jambo lilelile linakuwa ombi. Ndugu walioko Marekani wana kinga zaidi: kwa tiketi ya kwenda au kutoka huko, iliyonunuliwa moja kwa moja kwa shirika siku 7 au zaidi kabla ya kuruka, shirika linapaswa kumruhusu mteja kushikilia nafasi kwa bei hiyo kwa saa 24 bila kulipa, au kughairi ndani ya saa 24 na kurudishiwa fedha zote. Anayemlipia mama tiketi kutoka Minneapolis hadi Dar es Salaam akimtumia picha ya tiketi usiku huohuo, na mama akailinganisha na pasipoti herufi kwa herufi, kosa litatatuliwa bure.

## Aliyekwama afanye nini

Tuchukue kisa cha mfano. Taasisi ya Dodoma imemkatia mfanyakazi wake tiketi ya kwenda na kurudi Nairobi kwa dola 310. Siku 9 kabla ya safari anavunjika mguu, na mwenzake ndiye atakayekwenda. Kitu cha kwanza ni kuomba kwa wakala mchanganuo wa tiketi, si jumla yake. Tuseme unaonyesha nauli dola 170, tozo ya shirika yenye alama ya `YQ` dola 40, na kodi na ada za viwanja vya ndege dola 100. Kanuni ya nauli inasema harudishiwi fedha, na kubadili tarehe ni dola 60.

Wengi huishia kwenye neno *harudishiwi* na kuitupa tiketi. Lakini neno hilo huhusu nauli. Kodi na ada za viwanja hutozwa kwa anayesafiri, na asiposafiri mashirika mengi huzirudisha yakiombwa. Tanzania, kwa mfano, ada ya huduma kwa abiria wa kimataifa imekuwa dola 40 kwa miaka mingi, nayo imo ndani ya tiketi. Alama za `YQ` na `YR` husomeka kama kodi lakini ni mapato ya shirika, na mara nyingi hufuata hatima ya nauli. Kwa hiyo taasisi ikighairi inaweza kudai dola 100, ikitoa ada ya wakala.

Njia ya pili ni kuiacha tiketi kwa jina la mgonjwa na kusogeza tarehe hadi apone, kwa dola 60 pamoja na tofauti ya nauli ikiwepo. Kama mfanyakazi huyo ana safari nyingine ya kikazi ndani ya mwaka, hii ndiyo yenye hasara ndogo kuliko zote: dola 310 zinabaki hai kwa gharama ya 60. Kama hana, au ameacha kazi, kodi ndizo za kuokolewa na tiketi ya mwenzake inunuliwe upya, mapema iwezekanavyo kabla nauli haijapanda.

Njia ya tatu ni huruma ya shirika, na ina kanuni zake. Kwa kifo cha abiria au cha ndugu wa karibu mashirika mengi hurudisha fedha au kusamehe adhabu yakionyeshwa cheti cha kifo. Kwa ugonjwa hutaka barua ya daktari, yenye tarehe na inayosema wazi kwamba mgonjwa hafai kusafiri. Kukataliwa viza husaidia kwa mashirika machache tu, na barua ya ubalozi ndiyo inayohitajika. Bima ya safari hulipa sababu zilizotajwa ndani yake, na lazima iwe ilinunuliwa kabla ya tatizo kutokea.

Njia zote hizo zina mlango mmoja: lazima nafasi ighairiwe au isogezwe kabla ndege haijaruka. Asiyetokea bila kughairi huandikwa hakufika, na kwa nauli nyingi hapo thamani yote hupotea, pamoja na kuponi ya kurudi. Simu ya dakika 10 usiku wa kuamkia safari inaweza kuwa na thamani ya dola mia.

Wanaojua tangu mwanzo kwamba majina yanaweza kubadilika wasinunue tiketi za mtu mmojammoja. Vikundi vya watu 10 au zaidi hupewa mkataba wa kundi: viti hushikwa kwa malipo ya awali, majina hupelekwa baadaye, na mara nyingi idadi fulani ya majina hubadilishwa hadi siku ya kutoa tiketi. Ndivyo mawakala wa umra wanavyofanya kazi, na shule, kwaya na timu za mpira zinaweza kufanya vilevile. Nauli ya kundi si lazima iwe ndogo kuliko ya mtandaoni. Kinacholipiwa ni uhuru wa majina.

Kuna pia njia ambayo watu huijaribu na haifai hata kidogo: kununua tiketi ya mtu mwingine mitandaoni kwa nusu bei kwa ahadi kwamba jina litabadilishwa. Kwa mashirika mengi halitabadilishwa, na kama tiketi ilikatwa kwa kadi ya wizi, mnunuzi ndiye atakayehojiwa uwanjani.

## Mizani

Ukiziweka hoja zote pamoja, shirika lina haki ya kuzuia tiketi isiwe bidhaa ya kulanguliwa, na serikali ina haki ya kujua nani yuko ndani ya ndege. Haki hizo mbili hazihitaji marufuku ya jumla. Uhamisho kwa ndugu wa karibu au kwa mfanyakazi wa taasisi ileile, mara moja, siku 7 kabla ya safari, kwa ada isiyozidi gharama halisi, ungemwacha mlanguzi nje na kumwingiza mgonjwa ndani. Serikali ingepata jina sahihi kwa wakati. Shirika lingepoteza kiasi fulani cha mapato ya viti vilivyolipiwa mara mbili, na hayo si mapato ya kulindwa na kanuni.

Kwa Tanzania, mahali pa kulisukuma hilo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na baraza lake la ushauri la watumiaji wa huduma za anga. Madai yaanze na dogo linaloweza kutekelezwa mapema: kila anayeuza tiketi aonyeshe, kabla ya malipo na kwa Kiswahili, kiasi gani cha bei ni kodi inayorudishwa na vocha itaandikwa kwa jina la nani. Hadi hapo, mlipaji adai picha ya pasipoti kabla ya kutoa fedha, asome tiketi siku hiyohiyo, na safari ikivunjika aghairi kabla ndege haijaruka.